Kapsheni ya bathdei yako mwenyewe: andika kitu kimoja kilichobadilika, usihutubie

Kazi yangu hapa Malindi ni kuandikia watu maneno ya mtandaoni, kurasa za maduka, mialiko ya arusi, matangazo ya vyumba vya wageni, na katika hizo zote kazi inayonipendeza zaidi ni kapsheni ya mtu anayejiandikia mwenyewe siku yake ya kuzaliwa. Watu huniletea wakiwa wameshaandika kitu, halafu wananiambia dada, nimeandika lakini nikisoma naona kama niko mbele ya watu na maikrofoni. Na kweli ukisoma unaisikia hiyo maikrofoni. Leo nataka nieleze inatoka wapi na jinsi ya kuitoa, nikitumia kapsheni moja tu tuliyoifanya na mteja wangu mmoja, fundi wa nguo kule Maweni, kwa ruhusa yake.

Alivyoandika yeye kwanza ilikuwa hivi: "Leo natimiza miaka 29. Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunifikisha siku ya leo. Umekuwa mwaka wa changamoto na mafunzo mengi. Nimekua na nimejifunza kujua thamani yangu. Shukrani kwa familia, marafiki na wateja wangu wote. Sura mpya yaanza."

Hakuna sentensi mbaya hapo. Lakini funika jina na picha, umpe jirani yake aposti siku yake, itamkaa sawasawa, na atakayefuata pia itamkaa. Hicho ndo kipimo changu cha kwanza siku zote, kama mtu mwingine anaweza kuiposti bila kubadilisha kitu basi mwaka wako haumo mle ndani. Hotuba lazima iwe hivyo manake inasemwa mbele ya watu wengi wa kila aina, kwa hiyo inachagua maneno makubwa ambayo kila mmoja ataingia. Changamoto, mafunzo, safari, thamani, sura mpya. Msomaji anayapita kama alivyoyapita ya jana.

Sasa shida ni kwamba ukimuuliza mtu umekua vipi mwaka huu, atakujibu kwa maneno yale yale makubwa, si kwamba anaficha, ni vile swali lenyewe ni kubwa. Kwa hiyo mie siulizi hivyo. Namwambia fungua simu, ingia kwenye picha, rudi mpaka wiki kama hii mwaka jana. Halafu ujumbe wa M-Pesa wa siku hizo. Halafu kama una daftari la kazi, nalo lilete. Tunatafuta jambo moja lililokuwepo mwaka jana na likarudi tena mwaka huu, halafu tunaangalia wewe ulifanya nini mara ya kwanza na ulifanya nini mara ya pili. Kukua kwa mtu kunaonekana pale, jambo ni lile lile, mkono umebadilika.

Daftari la fundi wetu lilisema kila kitu. Mwaka jana wiki ile alikuwa na sare za arusi, madera ya rangi moja, na mbele ya majina mengi kaandika "bado", yaani hawajalipa. Mwaka huu ikaja kazi ya sare tena, na kwenye kila jina pana pesa iliyoandikwa kabla ya tarehe ya kukata. Nikamuuliza hapa ilikuwaje? Akanieleza bila kufikiria, akasema siku hizi sikati kitambaa cha mtu mpaka alete nusu, hata shangazi yangu alininunia kwa hilo. Nikamwambia simama hapo hapo, hiyo uliyosema sasa hivi ndo kapsheni yako.

Angalia alivyobadilika kuongea. Kwenye andiko lake la kwanza alisema amejifunza kujua thamani yake, hapa anasema sikati kitambaa mpaka alete nusu. Ni habari ile ile! Lakini ya pili ina mkasi, ina kitambaa, ina mtu aliyenuna, na msomaji anafika kwenye "thamani" mwenyewe bila kuambiwa. Kila unapokutana na "nimejifunza" kwenye kapsheni yako jiulize, sasa hivi nafanya nini ambacho zamani sikuwa nafanya, au nini nimeacha kufanya, uandike hicho. Mara nyingi sentensi itaanza na "siku hizi" na itakuwa fupi.

Tulivyomaliza ilikuwa hivi:

"29 leo, alhamdulillah. Mwaka jana siku kama hii nilikuwa nashona sare za arusi usiku na sijui kama ntalipwa. Siku hizi mkasi haugusi kitambaa kabla nusu ya pesa haijaingia. Shangazi yangu alininunia siku mbili, ya tatu akaja na nusu yake na kitambaa. Leo mashine nimeifunika, sishoni cha mtu."

Mtu ataniuliza mbona Mungu hujamtoa. Simtoi na sitamtoa, sisi watu wa Pwani hatuanzi jambo jema bila kumshukuru, na kama wewe ni Mkristo sema asante Mungu hivyo hivyo. Kinacholeta hotuba ni "kwanza kabisa", kwa sababu ukisema kwanza kabisa umeshawaahidi watu pili na tatu, na hiyo pili ni familia na tatu ni marafiki na wateja wote, mpaka ukimaliza orodha mwaka wako umesahaulika. Shukrani ikikaa kama pumzi, alhamdulillah moja halafu unaendelea, inasikika ni yako na Mola wako.

Pia kuna sababu ya kiufundi ya kuanza na jambo lenyewe. Instagram inakata kapsheni karibu na herufi 125 hivi, baada ya hapo mtu mpaka abonyeze ndo aone zilizobaki, japo nafasi yote unayopewa ni herufi 2,200. Kwenye andiko la kwanza msomaji angekatiwa akiwa bado kwenye "kwanza kabisa" na changamoto. Kwenye hili la pili anakatiwa akiwa ameshaambiwa kuna mtu anashona usiku hajui kama atalipwa, na hapo atabonyeza. Kama unaweka stetasi ya maandishi ya WhatsApp mwisho ni herufi 700, ila usizimalize, manake kadri unavyoandika ndivyo maandishi yanavyopungua ukubwa, na watu wazima nyumbani wataipita tu.

Nirudi kwenye hiyo sentensi ya sare manake hapo tulikaa sana. Kwanza alitaka iwe "nilishona sare za watu na mpaka leo hawajanilipa". Nikamkatalia. Malindi ni ndogo na arusi inajulikana ilikuwa ya nani, mtu akisoma hivyo hatasoma kuhusu miaka 29, atasoma deni, na inboksi itajaa "unamsema nani?" Sisi huku tumelelewa na mafumbo, kanga yenyewe ukiivaa ina neno na jirani analipima neno hilo kama ni lake, kwa hiyo msomaji wa Pwani anatafuta kijembe hata pasipokuwepo. Kapsheni ya bathdei ikiwa na "walionidhania sitafika" au "waliniacha nikiwa chini" ndo imeshakuwa kijembe, na wewe hukuonekana umekua, umeonekana bado una hesabu na mtu. Dawa yake ni kubaki upande wako wa jambo. "Sijui kama ntalipwa" ni hofu yake yeye mwenyewe usiku ule, haimtaji mtu. Na shangazi tulimpigia simu kwanza, akacheka, akasema andikeni. Bila ruhusa yake sentensi hiyo ningeitoa hata kama ndo nzuri kuliko zote.

Kuna mambo ya mwaka ambayo kwa njia hii hayaandikiki na ni sawa. Talaka, msiba ambao bado mbichi, ugonjwa wa mtu wa nyumbani, hayo yana watu wengine ndani yake na hawajakubali kusomwa. Mtu akiwa na mwaka wa namna hiyo namshauri achukue kitendo kidogo cha pembeni, kwamba siku hizi analala mapema, kwamba amerudi kupika siku ya Ijumaa, wanaomjua wataelewa uzito wake na wasiomjua watasoma tu. Na pesa uliyoweka usiitaje kiasi. Ukitaja, nusu ya wasomaji wataona majivuno na nusu nyingine watakuja kukopa.

Wengine wanataka kujisemesha, yaani "we" badala ya "mimi", na hapo hotuba huwa inarudi kwa mlango wa nyuma manake wanaanza "mpendwa mimi, najivunia ulipofika". Hakuna anayejisemesha hivyo akiwa peke yake. Jisemeshe kama kaka yako mkubwa anavyokusemesha, kwa maagizo madogo. Dereva mmoja wa tuktuk tulimuandikia hivi: "31 leo bwana. Mafuta weka kabla taa haijawaka, umeshaanza kuweza. Simu ya mama pokea hata kama una abiria, simama pembeni upokee. Jumapili usitoke." Hapo kuna sifa moja tu, umeshaanza kuweza, na imejificha kwenye mafuta, ndo maana inaaminika.

Ukimaliza kuandika isome kwa sauti, au bora zaidi irekodi kama voisi umtumie dada yako. Pale ambapo sauti yako inapanda na unaanza kutamka maneno kwa ufasaha ambao huna kila siku, hapo ndo pa kukata. Fundi wetu alipanda sauti kwenye mstari wa mwisho, ulikuwa "naukaribisha mwaka mpya kwa mikono miwili", nikamuuliza leo unafanya nini kweli kweli? Akasema leo sishoni, nimeifunika mashine. Basi ikaingia hiyo, na picha tukapiga ya mashine yenyewe ikiwa imefunikwa na kanga, keki ikabaki ya watoto.

Na ile orodha ya shukrani iliyotoka usiihofie, ina mahali pake, ni kwenye komenti. Watu wakianza kukutakia heri mjibu kila mmoja kwa jina na kwa kitu alichokufanyia, "ahsante da, ile cherehani ya kuazima sijaisahau", mstari mmoja tu unatosha. Shangazi naye alikuja kukomenti kwamba dera lilimkaa vizuri na kwamba anataka la pili, akajibiwa hapo hapo mbele ya watu wote: alete nusu.