Baridi haijaunguza nyama yako, rudisha namba ya friza ilipokuwa

Nimetumiwa tena ile picha. Safari hii ni mapaja manne ya kuku yenye mabaka meupe yanayoelekea kijivu, kama mtu ameyapitishia kidole chenye chokaa. Chini yake ujumbe: "Kaka, friza imeunguza kuku. Nimeshashusha kutoka 5 hadi 2 isizidi kuunguza. Sasa hii si sumu?"

Kukata nyama, kuifunga na kuigandisha ndiyo kazi inayonilisha, na swali la sumu sijawahi kulichoka. Mtu anayeogopa kulisha watoto kitu asichokijua ana akili timamu. Kinachonipandisha presha ni hiyo sentensi ya katikati. Kila anayeniletea picha kama hii ameshapunguza baridi kwanza ndipo akauliza, na kwa kufanya hivyo ameongeza kasi ya kitu kilekile anachokikimbia.

Nalilaumu jina. Tunaita "kuungua", basi mtu anawaza moto: kama jiko limeunguza, punguza jiko. Lakini hapa hakuna kilichoungua. Nyama imekauka. Karibu robo tatu ya nyama isiyo na mafuta ni maji, na ndani ya friza maji hayo ni barafu. Barafu haikai kimya. Hata bila kuyeyuka, huwa inatoka kidogo kidogo na kuwa mvuke moja kwa moja, kama nguo iliyoganda kwenye kamba inavyokauka bila kudondosha tone. Mvuke unatoka kwenye uso wa nyama, unaacha vitundu vidogo pale barafu ilipokuwa, na vitundu hivyo ndivyo vinavyotawanya mwanga na kukuonyesha weupe. Rangi hiyo ni ya sponji kavu. Ukiligusa baka kwa kucha utahisi gome, si nyama.

Sasa hesabu ya namba 5 na 2. Kwanza, namba za kwenye kitufe si nyuzi. Kwenye friza nyingi namba kubwa maana yake ni baridi zaidi, ila angalia kijitabu cha yako kabla hujanitukana. Nilimwomba aweke kipimajoto katikati ya vifurushi, akiache usiku kucha. Asubuhi kilisoma nyuzi -10. Friza ya nyama inatakiwa iwe -18 au chini ya hapo. Tofauti ya nyuzi nane inaonekana ndogo, lakini msukumo wa barafu kugeuka mvuke kwenye -10 ni kama maradufu ya ule wa kwenye -18. Yaani dada yangu, kwa nia njema kabisa, alikuwa amewasha feni ya kukaushia kuku.

Hata hivyo -10 iliyotulia si adui mkubwa kama joto linalopanda na kushuka. Hapa niruhusuni nikae kidogo, maana ndipo watu wanaponibishia. "Mbona mfuko wangu nimeufunga fundo, hewa inaingilia wapi?" Haihitaji kuingia. Ile uliyoifungia humo na nyama inatosha. Mlango ukifunguliwa, joto linapanda kidogo, barafu ya kwenye nyama inatoa mvuke na kujaza nafasi ya wazi ndani ya mfuko. Mlango ukifungwa, nailoni inapoa haraka kuliko nyama kwa sababu ni nyembamba, na mvuke unaganda juu yake. Kesho mchezo ni uleule. Kila mzunguko unahamisha maji kidogo kutoka kwenye nyama kwenda kwenye mfuko, na hayarudi yote.

Kuna wakati mwenzangu kazini alikataa kata kata kuamini hili, akisema zile chembe za barafu ndani ya mfuko ni unyevu wa friza uliopenya. Tukachukua kipande cha nusu kilo, tukakiweka kwenye mfuko mpana, tukaufunga fundo hewa ikiwa imejaa, tukapima mfuko mzima. Baada ya miezi mitatu tukapima tena: mizani haikusogea kiasi cha kubishania. Tukafungua, tukakung'uta chembe zote kwenye bakuli. Kipande chenyewe sasa kilikuwa gramu 479, na kwenye bakuli kulikuwa na kama gramu 20 za theluji safi. Akaitazama ile bakuli muda mrefu. Hayo yalikuwa maji ya nyama, yamehama sentimita chache tu.

Friza zinazojiyeyushia barafu zenyewe zina kosa lao pia. Hazigandi kuta kwa sababu mara kwa mara hita ndogo huwaka na kuyeyusha barafu kwenye mabomba ya baridi, kisha feni inazungusha hewa kavu. Kwa mwenye nyumba ni raha, kwa nyama iliyofungwa hovyo ni mateso. Lile friza la sanduku, la kukwangua barafu kwa mkono, linatunza nyama vizuri zaidi. Najua hamtaki kusikia hivyo.

Tuje kwenye sumu. Mabaka yenyewe hayana madhara. Kwenye -18 bakteria hawazaliani, na sehemu iliyokauka inawabakizia maji pungufu zaidi ya kuishi nayo. Lakini hawafi wote, wamelala tu, kwa hiyo nyama iliyoingia friza ikiwa imeanza kuharibika itatoka vilevile. Kinachopotea kwenye baka ni ulaini na ladha. Kile kipande kinatafunika kama kamba, na ukikiloweka usiku kucha hakirudi, kwa sababu protini zake zimeshabadilika na haziyashiki maji tena. Kikate kabla ya kupika, nyama ikiwa bado imeganda nusu, kisu kinapita vizuri. Kipande cha mchuzi chenye baka dogo mimi sihangaiki nacho, nakitia sufuriani hivyohivyo. Cha kuchoma nakata, maana hakuna supu ya kukificha.

Jambo linalonitatiza hata mimi ni mafuta. Vile vitundu vinaruhusu hewa kufika ndani, na mafuta yakikutana na hewa yanachacha, hata kwenye baridi. Samaki wenye mafuta na nguruwe huwahi, kuku hufuata, ng'ombe huchelewa. Kwa macho siwezi kukuambia kama yameshachacha. Nimewahi kupitisha kipande chenye baka dogo nikajuta sufuria ilipochemka, na nimewahi kukitilia shaka kilichokuwa cheupe nusu nzima, kikawa hakina tatizo. Pua ndiyo mwamuzi: iyeyushe, unuse kwenye mafuta. Ikinuka kama mafuta ya kupikia yaliyosahaulika kwenye chupa, hata uiungeje, harufu itakuja mezani. Kwa sababu hiyohiyo ile miezi inayoandikwa kwenye majedwali, 3 hadi 4 kwa nyama ya kusaga, 4 hadi 12 kwa vipande, mimi naichukulia kama makadirio ya ladha kwa nyama iliyofungwa sawasawa. Iliyotupwa kwenye mfuko wa sokoni haina jedwali.

Kwenye pembe ya ile picha kulikuwa na mfuko mwingine ambao hakuuliza. Maini. Hayakuwa na baka hata moja, mekundu yanavutia, yameshikana bonge moja, na chini ya mfuko kuna bamba la barafu ya rangi ya waridi. Hapo ndipo nilipopiga simu badala ya kuandika. Barafu ya waridi iliyotulia chini maana yake maji ya nyama yalichuruzika yakiwa kimiminika, kisha yakaganda upya. Chembe nyeupe hutengenezwa bila kuyeyuka. Bamba la waridi haliwezekani bila kuyeyuka, labda kama nyama iliingia ikiwa inachuruzika, na yeye aliyaingiza yakiwa makavu. Nikamuuliza kama umeme ulikatika. "Ulikatika siku mbili, tulikuwa tumesafiri." Walirudi wakakuta kila kitu kimeganda tena, kimya. Hakuna anayeweza kusema yale maini yalikaa saa ngapi kwenye joto, na kuna sumu za bakteria ambazo hata kuchemsha hakuziondoi. Alikuwa amepanga kuwatupa kuku na kupika maini jioni ile.

Mapaja aliyanunua baada ya safari, kwa hiyo yalipona. Akayakata mabaka, akapika. Maini yakaenda shimoni.

Kuzuia sasa, na nitakwenda haraka maana kazi yote ni moja: usiache hewa kati ya nyama na kifungio. Futa maji ya juu kwa karatasi ya jikoni. Gawa kwa mapishi ya mara moja, vipande bapa, maana bapa huganda haraka na havifunguliwi mara tatu. Funga kwa plastiki ile ya kunata ukiibana kwenye nyama yenyewe, ukiisukuma mpaka kwenye mikunjo. Kisha tia kwenye mfuko mzito wa friza. Kutoa hewa bila mashine: acha mdomo wazi kidogo, zamisha mfuko polepole kwenye beseni la maji mpaka mdomo ubaki juu, maji yatabana nailoni ikumbatie nyama, kisha funga. Ukiwa na mashine ya kunyonya hewa, funika ncha za mifupa kwa karatasi iliyokunjwa, kwani tundu la sindano moja linarudisha kila kitu sifuri na hulioni.

Poza kwenye friji kwanza, tandaza safu moja mpaka igande, ndipo upange. Kuku wa nusu saa iliyopita akiwekwa juu ya nyama ya mwezi jana anaipasha moto, na mzunguko wa mvuke unaanza.

Samaki mzima ana dawa yake, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mgandishe akiwa mtupu mpaka awe mgumu kama mti, mchovye kwenye maji yenye barafu kwa sekunde chache, mrudishe. Rudia mara mbili tatu mpaka ang'ae kama amevaa kioo, kisha mfunge. Mvuke utaendelea kutoka kama kawaida, lakini utatoka kwenye kioo na si kwenye samaki. Baada ya miezi michache mwangalie: kioo kikianza kupungua kwenye mapezi na mkia, mchovye tena.