Alama za miwani na barakoa kwenye picha ya sura: dhana potofu na ukweli

Dhana: Alama ni doa, ifute kwa Healing Brush ya Photoshop.

Hapa ndipo picha nyingi zinapoharibika. Doa ni rangi tu, lakini alama hii ni ngozi iliyobonyea, kwa hiyo ina upande wa kivuli na upande wa mwanga. Chukua picha ya nesi aliyetoka zamu, amevua barakoa, dirisha likiwa kushoto. Ukikuza mstari wa shavuni hadi 200% utaona ukingo ulio karibu na dirisha ni mweusi, na ule wa mbali unang'aa. Healing Brush itabandika hapo ngozi ya mahali pengine, na shavu litabaki na ukanda laini usio na vitundu vya ngozi. Puani ni vibaya zaidi, maana vitundu vya ngozi ya pua ni vikubwa kuliko vya shavu.

Sawazisha mwanga badala ya kufuta. Fungua leya mpya, ijaze 50% gray, uiweke Blend Mode ya Soft Light. Chagua brashi laini isiyozidi upana wa mstari wenyewe, Flow 2% au 3%. Paka nyeupe kwenye ukingo wa giza na nyeusi kwenye ukingo unaong'aa, polepole. Mara kwa mara rudisha picha ionekane nzima, kwa sababu ukiikodolea macho kwa karibu utazidisha tu. Palipokuwa peusi pakianza kupauka kuliko ngozi ya jirani, umeshapita kiasi.

Dhana: Kivuli kikiondoka, kazi imekwisha.

Rangi bado ipo. Kwenye ngozi nyeupe hubaki wekundu. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi ni weusi wenye uzambarau, ambao wengi huuacha wakidhani ni kivuli. Fungua leya nyingine, iweke Color, chukua rangi ya ngozi ya pembeni kabisa ya alama, upake kwa wepesi. Vitundu havitaguswa.

Dhana: Ukivua miwani dakika moja kabla ya picha inatosha.

Haitoshi. Mwambie mteja avue mara anapofika, ukiwa bado unapanga taa. Robo saa huleta nafuu kubwa, nusu saa ni bora zaidi.

Dhana: Alama lazima iishe yote.

Mtu aliyevaa miwani miaka mingi huwa na weusi wa kudumu pembeni mwa pua, na watu wake wanamjua hivyo. Mimi hushusha Opacity ya leya zote mbili hadi 60% au 70%. Pua iliyosafishwa kabisa huonekana ya mtu mwingine. Na kwa nesi yule, muulize kwanza. Mwaka 2020 picha za wahudumu wa afya wa Italia wenye michubuko ya barakoa zilisambaa dunia nzima, na michubuko hiyo ndiyo iliyokuwa habari yenyewe. Akisema mstari ubaki, ondoa mng'ao wa jasho tu.