Tarehe 7 mwezi wa 11, au tarehe 11 mwezi wa 7?

Kazi yangu ni kutengeneza fomu za mtandaoni, na jirani yangu mwenye steshenari huniletea zile zinazomshinda. Wiki iliyopita aliniita nikaangalie fomu ya maombi ya chuo kimoja cha nje. Mteja wake amezaliwa tarehe 7 Novemba 1992. Juu ya kisanduku pameandikwa `DD/MM/YYYY`, lakini ndani ya kisanduku zinaonekana herufi za kijivu `mm/dd/yyyy`. "Kaka, sasa nimsikilize nani?" akaniuliza.

Alisimama kwa sababu nzuri. Mtu aliyezaliwa tarehe 25 hana shida: akikosea mpangilio, fomu inamkatalia kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Wanaoumia ni waliozaliwa kati ya tarehe 1 na 12. Kwao fomu inakubali kila kitu bila kulalamika, na tarehe 7 Novemba inageuka 11 Julai kimyakimya. Siku za namna hiyo ni 132 katika mwaka, yaani zaidi ya theluthi yake.

Jibu linategemea aina ya kisanduku. Kuna aina mbili, na zinafanana sana kwa macho.

Aina ya kwanza ni kisanduku cha tarehe kinachochorwa na kivinjari chenyewe. Aliyetengeneza fomu aliandika hivi tu:

```
<input type="date">
```

Mpangilio unaouona humo hakuuchagua yeye. Kivinjari huufuata kutokana na lugha na nchi uliyoweka kwenye kifaa chako. Kompyuta iliyowekwa Kiingereza cha Marekani, na za steshenari nyingi ziko hivyo tangu ziliponunuliwa, inatanguliza mwezi. Ukiweka Kiingereza cha Uingereza, siku inatangulia. Fomu ni ileile. Kinachotumwa kwenye seva hakibadiliki, ni `1992-11-07` kote kuwili. Kwa hiyo hapa usiyajali maandishi ya juu, kifuate kisanduku. Kikisema mwezi kwanza, anza na 11.

Aina ya pili ni kisanduku cha maandishi ya kawaida. Hiki hakielewi tarehe, kinapokea chochote utakachochapa na kukipeleka kilivyo. Hapa mwenye fomu ndiye anayeamua mpangilio, basi fuata maelezo yake yaliyo juu au pembeni.

Kuzitofautisha, bofya ndani ya kisanduku na ujaribu kuchapa herufi `a`. Ikiandikwa, hicho ni cha maandishi. Ikikataa, na ukaona sehemu moja tu ya tarehe imekolezwa rangi, hicho ni cha kivinjari. Kwenye kompyuta ya jirani yangu herufi ilikataa, tukaanza na 11.

Kama bado una wasiwasi, jaribu kuchapa 25 mwanzoni. Siku ikiwa ndiyo inayotangulia, utaona 25. Mwezi ukiwa ndio unaotangulia, kwenye Chrome ukigusa 2 tu itaandikwa 02 na mshale utarukia sehemu inayofuata, kwa sababu hakuna mwezi unaoanza na 2 ukaendelea. Hiyo 5 inaangukia kwenye siku. Ukishajua, futa. Usije ukatuma fomu ikiwa na tarehe ya majaribio.

Kwenye simu, tatizo kubwa ni kalenda inayofunguka ikiwa mwezi huu wa mwaka huu, na watu wanaanza kurudisha mwezi mmojammoja hadi 1992. Hakuna haja. Kwenye Android gusa mwaka ulioandikwa juu ya kalenda, utapata orodha ya miaka. Kwenye aifoni gusa jina la mwezi na mwaka. Ukimaliza, soma tena kisanduku kizima, maana kuna kalenda zinazojaza tarehe ya leo mara tu unapozigusa, na ukichagua mwaka peke yake unabaki na siku na mwezi wa leo.

Tatizo la mwisho ndilo linalowachanganya zaidi wateja. Umechagua tarehe 7, umeiona 7, umehifadhi, lakini ukurasa wa kuhakiki unaonyesha 6. Hilo si kosa lako. Kalenda nyingine zilizotengenezwa na waandishi wa programu huichukua tarehe kama saa sita usiku ya hapa kwetu, kisha huigeuza kuwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu:

```
new Date(1992, 10, 7).toISOString()
"1992-11-06T21:00:00.000Z"
```

(Hiyo 10 ni Novemba. Lugha hii ya programu huhesabu miezi kuanzia sifuri.) Saa sita usiku ya Dar es Salaam au Nairobi ni saa tatu usiku ya jana yake kwa saa ya dunia. Programu ikikata sehemu ya saa na kubakiza tarehe, siku moja imekwenda. Wazee wetu walioandikishwa tarehe 1 Januari wanapoteza zaidi, kwa sababu wanarudi 31 Desemba na mwaka unabadilika. Ndugu aliyeko Marekani anaweza kukutana na kinyume chake: tarehe imehifadhiwa sawasawa, ila skrini yake ndiyo inayoonyesha siku iliyotangulia.

Ndiyo maana sikushauri uchague 8 ili ipatikane 7. Huwezi kujua kwa kuangalia skrini peke yake kama kilichoharibika ni kilichohifadhiwa au kinachoonyeshwa. Badala yake, nenda kwenye mipangilio ya saa ya kifaa, zima saa ya kujiweka yenyewe, chagua ukanda wa Abidjan, fungua ukurasa upya, kisha ujaze tena. Abidjan iko sawa na saa ya dunia mwaka mzima, hivyo hakuna saa za kupungua. Usichague London, kwa sababu majira ya kiangazi inakwenda mbele saa moja, na hiyo saa moja inatosha kumrudisha nyuma aliyezaliwa Juni. Ukimaliza, rudisha saa yako.

Kwa kuhakiki, usitumie tarakimu zenye mikwaju zikilinganishwa na tarakimu zenye mikwaju. Namba ya NIDA huanza na mwaka, mwezi, kisha siku, kwa hiyo ya mteja huyu inaanza na 19921107. Mstari wa pili wa herufi na alama chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti una mpangilio huohuo ila mwaka umekatwa, 921107, mara baada ya herufi tatu za uraia. Ukiona 920711 mahali hapo, ndipo useme pasipoti yenyewe ina tarehe nyingine.

Baadhi ya fomu zimeondoa utata kabisa. Fomu ya viza ya Marekani, DS-160, inakupa mwezi kwa herufi tatu, `NOV`. Ile ya bahati nasibu ya viza za Marekani haibadilishwi ukishaituma, na kutuma ya pili kunakuondoa mchezoni, hivyo soma kabla ya kubofya.

Kwingine kosa likishatumwa, waandikie wahusika wakati ombi bado halijashughulikiwa. Taja namba ya ombi, tarehe iliyoingia na tarehe sahihi, zote mbili mwezi ukiwa kwa maneno, na uambatishe ukurasa wa picha wa pasipoti. Ukiwaandikia kwamba "si 11/07 bali ni 07/11", wao wataisoma kwa mpangilio wa kwao.