Barua ya motisha na wasifu wa kujitolea ng'ambo: dhana potofu na ukweli

Dhana: Barua ionyeshe huruma yako.

Ukweli ni kwamba karibu kila mwombaji anasema ana huruma, kwa hiyo neno hilo halimtofautishi yeyote. Msomaji wa barua huwa na tangazo la nafasi pembeni, na anatafuta sharti moja baada ya jingine kuona kama limejibiwa. Ukiandika "tangu utotoni natamani kuwasaidia wasiojiweza", hapati cha kuandika mbele ya sharti lolote. Neno "wasiojiweza" lenyewe linamtia wasiwasi, maana mashirika makini yanawachukulia waliofikwa na maafa kuwa watu wenye haki na wenye uwezo wa kuamua mambo yao.

Tuseme tangazo linataka mtu wa kukaa miezi sita kwenye mradi wa maji katika kambi ya wakimbizi, akusanye takwimu za vituo vya maji na kuandika ripoti ya kila mwezi. Mhitimu hajawahi kuajiriwa, lakini ana tasnifu. Aya yake ya pili inaweza kuwa hivi:

"Kwa tasnifu yangu nilihoji kaya 120 kuhusu umbali wa kuteka maji, nikitumia hojaji ya KoboToolbox kwenye simu. Majibu ya kaya 14 yalipingana, nikarudi kuyahakiki. Matokeo niliyaandika katika ripoti ya kurasa sita na kuiwasilisha kwa kamati ya maji ya kijiji."

Hapo sharti la takwimu na la ripoti yote mawili yamejibiwa. Zile kaya 14 ndizo zenye uzito kuliko yote, kwa sababu zinaonyesha mtu anayegundua kosa na kulirekebisha. Akiongeza kwamba alilinganisha matokeo na viwango vya Sphere vinavyofuatwa na mashirika ya misaada, yaani angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku na watu wasiozidi 250 kwa bomba moja, anaonekana anaijua lugha ya kazi. Kama hakulinganisha, aviache. Kwenye usaili ataulizwa alivitumiaje.

Barua nzima ukurasa mmoja unatosha. Aya ya kwanza itaje nafasi na namba yake ya kumbukumbu, mbili zinazofuata zibebe ushahidi, na ya mwisho iseme kwa nini mradi huo na tarehe unayoweza kuanza. Wengi huisahau tarehe, ilhali mratibu anaihitaji ili apange safari na viza.

Dhana: Aliyetoka chuo hana cha kuweka kwenye wasifu.

Anacho, ila mara nyingi amekizika. "Mafunzo kwa vitendo, idara ya afya" haimwambii mtu chochote. "Niliingiza kumbukumbu za chanjo za watoto 300 kwenye lahajedwali na kuondoa zilizojirudia" inamwambia ulifanya nini, kwa kiasi gani na kwa zana ipi. Mambo hayo matatu yakiwepo katika kila mstari, kurasa mbili zitajaa zenyewe, na huna haja ya kuorodhesha "mchapakazi" na "mwaminifu".

Kwenye lugha, andika ngazi badala ya "naijua vizuri". Mfumo wa Ulaya una ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2, na mashirika mengi yanaufahamu. Usijipandishe: ukidai B2 ya Kifaransa, msaili anaweza kugeukia Kifaransa katikati ya mazungumzo.

Dhana: Miezi uliyokaa bila kazi ifichwe.

Kuificha ndiko kunakoleta shaka. Ukiandika "2022–2023", inaweza kuwa miezi miwili au ishirini na minne. Mashirika yanayofanya kazi karibu na watoto na watu walio hatarini yanalazimika kujua mwombaji alikuwa wapi, na tangu 2019 upo utaratibu ambao mashirika yaliyojiunga nao huulizana kama mtu aliwahi kukutwa na kosa la unyanyasaji wa kingono. Kwa hiyo taja mwezi na mwaka, na pengo lijaze kwa ukweli: "Machi hadi Agosti 2023: nilimuuguza mzazi." Sentensi hiyo haimwondoi mtu kwenye orodha.

Wadhamini nao wawe watu waliokusimamia, si ndugu. Waombe ruhusa kabla na uwatumie tangazo, wasije wakapigiwa simu hawakumbuki ulichokifanya.

Dhana: Wasifu uwe na dini, hali ya ndoa, namba ya pasipoti na vyeti vyote.

Weka jina, simu, barua pepe na nchi unayoishi. Nakala za pasipoti na vyeti zitume pale tu zinapoombwa, aghalabu baada ya kuchaguliwa. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri; anayejiita mwakilishi wake akidai pesa ili wasifu wako usomwe, usimtumie hata huo wasifu.