Mbwa anayebwekea kila mpita njia: kazi ya wiki sita nyuma ya lango la Himbi

Mama aliyeniita alianza kwa kuomba radhi. Majirani wake wa hapa Himbi walikuwa wamemwambia Goma hakuna "mwalimu wa mbwa", kwamba mbwa hufundishwa na zamu, mlinzi wa nyumba, kwa fimbo. Bobi wake, dume la miaka mitatu hivi, alikuwa anabweka tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka usiku, na fimbo ilikuwa imeshajaribiwa. Ilimnyamazisha kwa dakika moja. Kisha akaanza kubweka huku akimwangalia zamu kwa jicho la pembeni.

Siku ya kwanza sikumgusa mbwa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na jiko la nje, nikiwa na daftari, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu asubuhi, wakati wanafunzi wanaenda shule. Walipita watu 52. Bobi aliwabwekea 47. Ila si hesabu hiyo iliyonifundisha, ni mahali kelele zilipoanzia na zilipoishia. Alianza pale mtu alipofika kwenye kona ya ukuta wa mawe ya volkano, akakimbia sambamba naye ndani ya ua wa parseli, akamsukumia lango la mabati, akamsindikiza mpaka kona ya pili. Hapo alinyamaza, akajitikisa mwili mzima, akarudi kulala.

Mjitikiso ule ndio maelezo yote. Kwa akili ya Bobi, mtu alikuja, yeye akabweka, mtu akaondoka. Mpita njia angeondoka hata hivyo, maana anaenda sokoni na hana habari na parseli ya mama huyu. Lakini mbwa hajui hilo. Anachojua ni kwamba kubweka kumefanya kazi, tena mara 47 ndani ya saa moja. Hakuna fimbo inayoweza kushindana na mshahara wa namna hiyo. Fimbo ina ubaya mwingine: ikimwangukia kila mara mtu anapopita, mbwa anajifunza kuwa wapita njia huleta maumivu, na chuki inaongezeka. Na ukimpiga kwa sababu ya kunguruma, anaweza kuacha kunguruma lakini asiache kuuma. Huyo ndiye mbwa ninayemwogopa mimi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kufunga duka. Chini ya lango kulikuwa na uwazi wa kiganja kimoja na nusu, na Bobi alikuwa analaza pua pale akitazama viatu. Watoto nao walikuwa wamegundua uwazi huo: walichomeka kijiti, wakapiga bati, wakakimbia wakicheka. Tuliuziba kwa ubao. Kisha fundi akaweka uzio mfupi wa miti na waya ndani ya parseli, hatua sita kutoka langoni, wenye mlango mpana wa kupitisha gari. Asubuhi na jioni, njia inapojaa watu, Bobi anakaa upande wa nyumba. Mama alipendekeza mnyororo kwa kuwa ni rahisi zaidi. Nilikataa, kwa sababu mbwa aliyefungwa anaona kitu asichoweza kukifikia wala kukikimbia, na hasira yake hupanda.

Uzio haufundishi chochote. Unazuia tu mbwa asiendelee kulipwa huku wewe ukimfundisha jambo lingine.

Jambo hilo lingine tulilifanya kwa sambaza wakavu wasio na chumvi, kila samaki akikatwa vipande viwili. Wananuka vizuri na ni wadogo, kwa hiyo mbwa anameza bila kusimama kutafuna. Nilitafuta kwanza umbali ambao Bobi angesikia watu na bado akakubali kula. Kwenye uzio alikataa hata kunusa. Hatua kumi kutoka langoni alichukua, lakini alinibana vidole kwa meno, dalili kwamba bado amekaza. Karibu na jiko, hatua kumi na nne, alichukua kwa midomo laini. Hapo ndipo tulipoanzia, dakika kumi asubuhi na kumi jioni.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Mlio wa nje unasikika, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, inalia kwenye mawe au motari anapita na pikipiki yake, Bobi anageuza masikio, na papo hapo kipande cha sambaza kinafika mdomoni. Mlio ukiisha, chakula kinaisha. Mlio lazima utangulie. Zamu, mzee mpole, alikosea hapa siku tatu mfululizo: alitia mkono kwenye mfuko kabla mtu hajafika, karatasi ikachakarika, na Bobi akajifunza kutazama mfuko tu, bila kujali barabara. Tuliweka vipande kwenye kopo lisilo na kelele, mkono ukakaa nyuma ya mgongo, na mambo yakanyooka.

Watu huniuliza kama kumpa chakula mbwa anayebweka si kumpongeza. Akishaanza kubweka, mimi nasogea naye nyuma hatua mbili tatu mpaka aweze kula tena. Kelele zinaniambia nimemweka karibu mno, basi.

Kuanzia siku ya tano hivi nilianza kuona kitu ninachokisubiri kila mara: chukudu ililia kwenye kona, na badala ya kukimbilia lango, Bobi alimgeukia zamu na kumwangalia usoni. Hapo ndipo tuliposogea mbele, hatua moja kila baada ya siku mbili au tatu, na tulirudi nyuma kila alipobweka mara mbili mfululizo.

Mama alikuwa na hofu moja ya haki. Alisema, "Mwalimu, usije ukaniachia mbwa bubu. Huku wezi wako." Basi tulitenganisha anayepita na anayegonga. Akigongwa lango, Bobi aachwe abweke mara tatu nne. Kisha zamu anasema "Nimesikia," kwa sauti ya kawaida, na kumpa kipande pale alipo zamu, mbali na lango. Zamani zamu alikuwa anapaza sauti "Nyamaza!" kutoka kwenye barza, na nadhani Bobi alisikia mtu anayebweka pamoja naye.

Wiki ya tatu tulianguka. Zamu alisafiri kwenda msibani, mtoto wa nyumbani akasahau kufunga uzio, na kwa siku mbili nzima Bobi alirudi kazini kwake langoni. Ushindi wa hapa na pale hushikilia tabia kuliko ushindi wa kila siku, kwa hiyo siku hizo mbili zilitugharimu karibu wiki nzima. Tulianza upya karibu na jiko, hatua kumi na nne kutoka langoni.

Mwisho wa wiki ya sita nilikaa tena kwenye kiti kile, saa ileile. Walipita 49, akawabwekea tisa. Saba kati yao walikuwa wanaume waliobeba mizigo mikubwa kichwani, jambo ambalo sikuwa nimelifanyia kazi kabisa, na hao ndio tunaoendelea nao sasa: zamu amekubaliana na kijana wa makala ya kupikia apite taratibu ng'ambo ya barabara, na gunia lake, mara tano kila jioni. Kopo la sambaza limetundikwa kwenye msumari karibu na mlango wa jiko, na atakayeshika zamu ameonyeshwa lilipo.