Andalio la somo lililoandikwa na akili unde: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana: Ukibadilisha piza kuwa chapati na John kuwa Juma, andalio limeshakuwa la kwetu.

Majina ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Chukua mwalimu wa Hisabati Darasa la Nne mwenye wanafunzi 84, madawati ya kukaa watatu watatu, na kipindi cha dakika 40. Somo ni kulinganisha nusu, theluthi na robo. Andalio ambalo akili unde imemwandikia kwenye simu linataka makundi ya wanne wanne, kila kundi liwasilishe kwa dakika 2. Piga hesabu: makundi 21, dakika 42. Kengele imelia na kufundisha bado.

Mwalimu anapanga upya. Dawati la mbele linageukia la nyuma, anapata makundi 14 ya sita sita, na yanayowasilisha ni mawili tu, yale yaliyopishana majibu. Chapati nayo anaiacha, maana kugawa duara mara tatu sawasawa kwa jicho kunawashinda hata watu wazima.

Dhana: Bila projekta na vibao vya rangi, somo hili halifundishiki.

Daftari la hisabati lenye miraba linatosha, mradi uchague urefu vizuri. Kipande cha karatasi chenye miraba 12 kinakunjika kwa 2, 3 na 4 bila kubaki kitu: nusu ni miraba 6, theluthi 4, robo 3. Kila kundi linapewa vipande vitatu, linakunja, linapaka penseli sehemu moja ya kila kipande, kisha linavipanga kimoja chini ya kingine. Kwa darasa zima ni vipande 42, na mwalimu anavikata mwenyewe jana yake.

Usiwaachie watoto wakate. Kundi likikata robo yake kwenye kipande cha miraba 16, litapata miraba 4, sawa kabisa na theluthi ya kipande cha 12, na hapo utabishana nao hadi mapumziko. (Wao watakuwa wamehesabu vizuri, vizima ndivyo havikulingana.)

Dhana: Sehemu ya tathmini haihitaji kuguswa.

Iliandikwa “waulize kama wameelewa”. Watoto 84 wataitikia “ndiyooo” hata kama nusu yao wanatazama dirishani. Kosa linalojulikana katika mada hii ni mtoto kusema robo ni kubwa kuliko theluthi kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3, na kiitikio hicho kinalificha kabisa. Kwa hiyo mwalimu anaandika ubaoni 1/5 na 1/8, ambazo hazikuwa kwenye vipande, na kila mmoja anaandika kimya iliyo kubwa, kisha anachora kuonyesha sababu. Akipita katikati ya madawati dakika 5 za mwisho, anaona walioandika 1/8. Idadi yao anaijaza kwa kalamu kwenye nafasi ya tathmini, na kesho wao ndio watakaoanza na vipande.