Retenu ya garanti: ile asilimia 10 mwenye nyumba anashika, unaiandika wapi na inalipiwa impo lini

Juzi antreprenere moja wa huku Bukavu aliniletea kaye ya shantie yake ya Muhumba, nikaona ku dekonti ya kwanza, ile fakture ya sehemu ya kazi yenye imeisha, ameandika aliingiza dola 20.880. Nikamuuliza, papa, ulifakture ngapi? Akasema: "Mama, nilifakture 20.000 na TVA juu yake, lakini mwenye nyumba alibakia na 10 ku mia, basi naandika tu ile nilipata." Batu bengi banafanya vile, na njo pale hesabu inaanza kuharibika.

Retenu ya garanti ni sehemu ya bei mwenye nyumba anabakisha ku kila malipo, mara mingi asilimia 5 ao 10 vile kontra inasema, ili kasoro ikitokea asikose ya kuitengenezea. Kazi ikiisha munafanya resepsiyo provizwari, munazunguka nyumba na karatasi, munaandika kasoro zenye ziko, kisha garanti inaanza kuhesabiwa, mara mingi mwaka muzima. Huku kwetu huo mwaka uko na maana, juu ukuta wa kushikilia udongo ku mulima hauonyeshi kama ulijengwa muzuri mpaka upitiwe na mvua, kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano. Mwaka ukipita munafanya resepsiyo definitive na franga inaachiliwa.

Sasa angalia vizuri. Kazi ya ile dekonti ilishafanywa na mwenye nyumba aliikubali, kwa hiyo ile 10 ku mia ni deni yake kwako, bei ya kazi haikupunguka. Fakture iko 20.000, TVA ya asilimia 16 ni 3.200, jumla 23.200. Retenu ni 2.320, juu kontra yake inasema inahesabiwa ku bei pamoja na TVA (zingine zinasema bila TVA, soma kontra kwanza). Mu SYSCOHADA, ile kanuni ya hesabu tunafuata, unaandika debi 4111, konti ya bakliya, kwa 20.880, debi 4117 kwa 2.320, ile konti iliwekwa kabisa juu ya retenu za garanti, kisha kredi 705, mapato ya kazi, kwa 20.000 na kredi 4433, TVA ya kazi, kwa 3.200.

TVA nayo inafuata franga. Kwa kazi za ujenzi inadaiwa pale malipo yanaingia, isipokuwa kama uliomba DGI ruhusa ya kulipa kufuatana na fakture. Mu zile 20.880 muko TVA ya 2.880, njo ile unadeklare mbele ya tarehe 15 ya mwezi wenye unafuata, na zile 320 zinangoya siku retenu italipwa. Miye nazitia mu konti ndogo yake chini ya 4433, juu kisha mwaka hakuna mutu anakumbuka kama mu ile malipo ya mwisho muko TVA ndani.

Lakini impo ya faida haingoyi, na hapa njo inauma. Papa yule alikuwa na dekonti tatu sawasawa, maana kazi ya 60.000 bila TVA, na gharama zake zote, simenti, fero, bamaso, zilikuwa 54.000. Franga iliingia bila TVA nayo ni 54.000, kwa hiyo ukifuata kaye yake faida ni sufuri. Faida ya kweli ni 6.000, na yote iko mu mifuko ya mwenye nyumba! Impo ya asilimia 30 ni 1.800, na anapashwa kuilipa na franga yenye hajapata bado. Mutu wa ujenzi asipoweka kitu pembeni tangu dekonti ya kwanza, ile mwezi ya kulipa impo inamukuta amekopa.

Kama ukuta ulipasuka na mukapatana mwenye nyumba abakie na 580 ya kuutengeneza, unatoa fakture ya kupunguza: debi 705 kwa 500, debi TVA yenye ilikuwa inangoya kwa 80, kredi 4117 kwa 580. Ku retenu zote za 6.960 unabakia kudai 6.380, na siku inaingia unadeklare TVA ya 880.

Na kama mwenye nyumba ananyamaza? Usingoye akuite, andika barua ya kuomba resepsiyo definitive siku mwaka unatimia, na ubakie na kopi yenye alisinye. Akikataa kulipa, unatosha deni ku 4117 unaipeleka ku 416, konti ya madeni yenye mashaka, na ile barua njo utaonyesha DGI kama kweli uliidai. Kila mwisho wa mwaka mimi nachapisha 4117 shantie kwa shantie na kuiweka kando ya kontra. Ya papa yule ilikuwa sufuri, na alikuwa na nyumba tatu ziko bado mu garanti.